Kupima Umri wa Saiklini

Kwenye Mtaa wa Victoria, Darlinghurst, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji la Sydney, ipo Taasisi ya Garvan, iliyoanzishwa 1963 ubavuni mwa Hospitali ya St Vincent's. Kwa miaka mingi utafiti wa saratani wa taasisi hiyo uliongozwa na Robert Sutherland, mzaliwa wa New Zealand, aliyeikabili saratani ya matiti kwa swali moja ambalo hakuliacha: estrojeni inapoisukuma seli igawanyike, ndani ya seli inasukuma nini hasa? Akiwa na Elizabeth Musgrove na wenzake wengine, alijenga desturi ya kazi ambayo ndani yake seli za saratani husimamishwa zote pamoja, zikaachiliwa zote pamoja, kisha zikafuatwa saa baada ya saa ili ionekane protini ipi inapanda na ipi inashuka. Sutherland alifariki Oktoba 2012. Mwaka uliofuata jina lake bado lilikuwamo kwenye karatasi iliyoongozwa na Elizabeth Caldon, mtafiti wa taasisi hiyohiyo, iliyohusu protini mbili zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja: saiklini E1 na saiklini E2.

Walichokiona kinaelezeka kwa sentensi moja. Ndani ya seli za saratani ndugu hawa wawili hawaonekani kwa wakati mmoja, na sababu mojawapo ni kwamba mmoja anaondolewa vizuri na mwingine haondolewi vizuri. Kilichonifanya niirudie karatasi hiyo mara kwa mara ni ufundi ulio nyuma ya sentensi yenyewe. Kuona kwamba protini ipo ni jambo la mchana mmoja. Kujua imekaa muda gani, na ni nani aliyepaswa kuiondoa, ni kazi inayotaka mkono mtulivu na akili inayojitilia shaka kila hatua.

Tuanze na kazi ya saiklini E1 yenyewe. Seli inapokaribia kunakili DNA yake, kiwango cha protini hii hupanda. Ikiwa peke yake haifanyi lolote. Inabidi ishikane na kimeng'enya kiitwacho CDK2, na hapo CDK2 huamka na kuanza kubandika fosfeti kwenye protini nyingine, na fosfeti hizo ndizo zinazofungua njia ya kunakili. Mlango ukishafunguka, saiklini E1 inatakiwa iondoke. Ikikawia, seli huingia kunakili kabla matayarisho hayajakamilika, sehemu za DNA hubaki bila kunakiliwa sawasawa, na wakati wa kugawana kromosomu mambo huharibika. Kuja kwa wakati ni nusu ya kazi ya saiklini. Nusu nyingine ni kuondoka kwa wakati.

Nusu hiyo ya pili ilichelewa kutazamwa. Aliyeiona kwanza kwa macho ni Tim Hunt, mwaka 1982, katika maabara ya viumbe vya bahari ya Woods Hole, Marekani. Alikuwa akifuatilia mayai ya mnyama wa baharini mwenye miba mirefu, jamii ya wale wanaowachoma miguu watu wa Unguja na Pemba bahari inapokupwa. Mayai hayo yakishatungishwa hugawanyika yote kwa pamoja. Hunt aliyalisha asidi amino yenye mnunurisho, akachukua sampuli kila baada ya dakika chache, na akaona bendi moja ya protini ikikolea na kukolea, kisha ikafutika kila yai lilipogawanyika, halafu ikaanza upya. Protini nyingine zote ziliendelea kujilimbikiza. Hiyo moja ilikuwa ikiharibiwa kwa makusudi, tena kwa saa maalumu. Akaiita saiklini, na mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse.

Nani aliyeiharibu? Wakati huo jibu lilikuwa tayari linachongwa Haifa, Israeli, na watu ambao hawakuwa na habari ya saiklini hata kidogo. Avram Hershko na Aaron Ciechanover walikuwa wakitafuta kwa nini kuvunja protini ndani ya seli kunahitaji nishati, ilhali tumboni chakula humeng'enywa bila gharama hiyo. Walitumia chembe changa za damu za sungura. Tabu yao ilikuwa hemoglobini, ambayo ilijaa kila mahali na kufunika kila walichotaka kukiona. Wakajaribu jambo ambalo mwanabiokemia huliogopa: waliichemsha ile sehemu yenye hemoglobini karibu na digrii 90. Hemoglobini ikaganda na kuzama, pamoja na karibu kila protini nyingine. Kwenye maji yaliyobaki juu kulikuwa na kitu kidogo ambacho hakikujali moto, na bila kitu hicho uvunjaji haukuendelea. Mwaka 1980 ikajulikana kwamba ni ubikuitini, protini ndogo ya asidi amino 76 ambayo ilikwisha kugunduliwa miaka mitano nyuma na hakuna aliyejua kazi yake. Pamoja na Irwin Rose wa Marekani, wawili hao walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2004.

Ubikuitini ni alama. Inabandikwa kwenye protini inayotakiwa kuvunjwa, na kubandikwa huko hupita mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni kimeng'enya kinachoiamsha ubikuitini kwa kutumia ATP, na hapa ndipo nishati ya kwanza inapolipwa. Wa pili huipokea na kuibeba. Wa tatu, ambao nitauita kiunganishi, ndio unaoijua protini lengwa: unaishika kwa upande mmoja, unamshika mbebaji kwa upande mwingine, na kuwakutanisha hadi ubikuitini ihamie kwenye lisini mojawapo ya protini ile. Kisha ubikuitini ya pili hubandikwa juu ya ya kwanza, mara nyingi kwenye lisini yake namba 48, na ya tatu juu ya ya pili, hadi uwe mnyororo. Kwa kawaida mnyororo wa nne au zaidi ndio unaohesabika kuwa hukumu.

Binadamu ana viamshi viwili tu vya ubikuitini, wabebaji kiasi cha 40, na viunganishi zaidi ya 600. Hesabu hiyo inaonyesha uamuzi ulipo. Kuamsha na kubeba ni kazi za jumla; kuchagua ni kazi ya viunganishi, na kila kimoja kina namna yake ya kutambua. Mwaka 1991 Michael Glotzer, Andrew Murray na Marc Kirschner walionyesha kwamba saiklini B, ile inayoiongoza seli kwenye kugawanyika, huharibiwa kwa njia hiyohiyo ya ubikuitini, na kwamba kipande kifupi karibu na mwanzo wa protini ndicho kinachoitoa. Ukikikata kipande hicho, saiklini haifi, na seli inakwama katikati ya kugawanyika.

Kiunganishi kinachoishughulikia saiklini E1 kina sehemu kadhaa zilizofungamana, na sehemu inayofanya utambuzi inaitwa Fbw7. Hapa ufundi wa seli wenyewe unastahili kutazamwa polepole. Fbw7 ina umbo la duara lenye mapanga manane, mfano wa feni, na juu ya duara hilo kuna kijishimo chenye asidi amino za ajinini, ambazo zina chaji chanya. Saiklini E1 ikiwa safi, Fbw7 haiitambui. Lakini karibu na mwisho wa saiklini hiyo kuna treonini namba 380 na, hatua nne mbele, serini namba 384. Zote mbili zikibandikwa fosfeti, chaji hasi za fosfeti huingia kwenye kijishimo na kushikwa barabara. Anayebandika fosfeti kwenye ile serini ni CDK2, yaani mshirika yuleyule aliyeamshwa na saiklini E1. Kwenye treonini anasaidia kimeng'enya kingine, GSK3.

Ukiufikiria mpango huu unaona ulivyo mzuri. Kwa njia hii saiklini E1 haiwezi kuondolewa kabla haijafanya kazi, kwa sababu bila CDK2 iliyoamka fosfeti ya pili haipatikani. Wala haiwezi kufanya kazi kwa muda mrefu bila kuondolewa, kwa sababu kadiri CDK2 inavyochapa kazi ndivyo inavyozidi kumtia alama aliyeiamsha. Kufaulu kwake ndiko kunakoiita hukumu yake, na kwa kuwa fosfeti zinatakiwa mbili, ajali moja ndogo haitoshi kuiua mapema.

Iliyotiwa alama hupelekwa kwenye proteasomu, ambayo ni kinu chenye mlango mwembamba. Sehemu ya katikati ni pete nne zilizopangwa juu kwa juu, kila pete ina protini saba, na makali yanayokata yako ndani kabisa, ambako protini iliyokunjika haiwezi kupenya. Juu ya kinu hukaa kofia. Kofia hiyo huushika mnyororo wa ubikuitini, kisha injini sita zinazotumia ATP huivuta protini, huikunjua na kuisukuma ndani kama uzi. Ubikuitini zenyewe haziliwi. Kimeng'enya cha kwenye kofia huzikata mlangoni na kuzirudisha zitumike tena. Kinachotoka upande wa pili ni vipande vifupi vya asidi amino chache, na vingi vya hivyo humaliziwa na vimeng'enya vingine. Makali yote yamefungiwa ndani, na hiyo ndiyo sababu kifaa kikali namna hiyo kinaweza kuelea katikati ya seli bila kugusa protini ambayo haikuhukumiwa.

Sasa turudi benchi. Swali la Sydney lilikuwa hili: ndani ya seli ya saratani ya titi saiklini E2 inaonekana nyingi, tena inaonekana wakati DNA inanakiliwa, yaani wakati ambao ndugu yake ameshaanza kupungua. Je, inatengenezwa kwa wingi zaidi, au inavunjwa polepole zaidi? Kiasi cha protini hakijibu swali hilo. Kiasi ni matokeo ya kasi ya kutengenezwa na kasi ya kuvunjwa kwa pamoja, na bendi nene kwenye jeli inaweza kutokana na lolote kati ya hayo mawili.

Njia ya zamani na ya uaminifu ya kuyatenganisha ni kufunga bomba la kutengeneza na kuangalia kilichomo kinavyopungua. Dawa inayotumika ni sikloheksimidi, inayosimamisha ribosomu. Unapanda seli kwenye sahani kadhaa zilizo sawa, unatia dawa kwa mpigo, kisha unavuna sahani moja moja: mwanzo, baada ya dakika 30, baada ya 60, baada ya 120. Kila sahani ikifika zamu yake inawekwa juu ya barafu papo hapo, inaoshwa kwa maji ya chumvi baridi, na seli zinakwanguliwa ndani ya mchanganyiko unaozipasua. Ukichelewa dakika mbili kwenye sahani moja umeshapinda mstari wako, kwa sababu protini unayoipima inakufa ukiwa unatafuta pipeti.

Kinachofuata ni kupima jumla ya protini katika kila sampuli ili ziende sawa kwenye jeli, kuziendesha kwa umeme zijipange kwa ukubwa, kuzihamishia kwenye utando, na kumwaga kingamwili inayoishika saiklini E1 pekee. Ukimaliza unapata bendi nne zinazofifia kutoka kushoto kwenda kulia. Chini yake unaweka kingamwili ya protini isiyobadilika haraka, mara nyingi aktini, ili uhakikishe kwamba kufifia hakutokani na kutia sampuli kidogo kwenye visima vya mwisho.

Chukua namba ambazo nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme bendi za protini ya kwanza zinasoma 100, 50, 25 na karibu 6. Kila nusu saa inabaki nusu, hivyo nusu uhai wake ni dakika 30. Tuseme za protini ya pili zinasoma 100, 79, 63 na 40. Ukizichora utaona kwamba nusu yake inafika baada ya dakika 90 hivi. Sasa fikiria seli inayozitengeneza zote mbili kwa kasi ileile kabisa. Mambo yakitulia, ya pili itakuwa nyingi mara tatu, bila jeni yake kuongezewa msukumo wowote. Mtu aliyepima jeni peke yake angeapa kwamba hakuna kilichobadilika.

Hapo mtu mwenye haraka angeandika matokeo, lakini fundi anaanza kujihoji. Je, kilichoiondoa ni proteasomu kweli? Anarudia na sahani nyingine zilizotiwa MG132, dawa inayoziba makali ya proteasomu. Ikiwa bendi sasa hazififii, kinu kimehusika. Asiiache dawa hiyo kwa muda mrefu, kwa maana seli ambayo kinu chake kimezibwa hukosa ubikuitini huru, huingia kwenye mfadhaiko, na baada ya saa kadhaa unachokipima ni seli inayokufa. Je, ilikuwa imetiwa alama? Hapo inabidi aivute saiklini kwa kingamwili na kuitafuta ubikuitini juu yake, ambayo huonekana kama ngazi: bendi juu ya bendi, kila moja nzito kuliko ya chini yake kwa kiasi cha kilodaltoni 8.5. Ngazi hiyo ni dhaifu mno. Ndani ya seli kuna vimeng'enya vinavyobandua ubikuitini, na seli ikishapasuliwa vinaendelea na kazi yao kwenye barafu. Asiyetia kemikali ya kuvizuia hupata utando safi na kudhani kwamba hakukuwa na alama yoyote.

Kuna mtego mwingine ulio wa saiklini hasa. Saiklini hupanda na kushuka na mzunguko wa seli. Ukitia sikloheksimidi kwenye sahani ya seli zilizo kila moja mahali pake kwenye mzunguko, wastani unaoupata unachanganya seli ambazo ndani yake protini inalindwa na seli ambazo ndani yake inawindwa. Unaweza kuzipanga seli zianze pamoja, lakini dawa za kupanga nazo zina madhara yake. Zile zinazozuia kunakili DNA huisimamisha seli palepale unapotaka kuitazama ikipita, na hujeruhi DNA. Faida ya njia iliyokuwa ikitumiwa Garvan kwa saratani ya matiti ni kwamba inaisimamisha seli kwa kitu ambacho seli yenyewe inakijua: unazuia estrojeni kwa dawa, seli zinatulia kabla ya kunakili, kisha unarudisha estrojeni na zinaondoka pamoja. Kazi yao ya 1997 iliyoeleza jinsi CDK2 inavyoamka baada ya estrojeni kurudishwa ilitegemea utaratibu huo.

Ziko pia mashine zinazosoma seli mojamoja zikipita mbele ya miale ya leza, maelfu kwa maelfu. Rangi moja hushika DNA na kueleza seli iko wapi: ambayo haijanakili ina kipimo kimoja, iliyomaliza ina viwili, na iliyo katikati ya kunakili inaangukia kati. Rangi nyingine, iliyofungwa kwenye kingamwili, hueleza seli hiyohiyo ina saiklini kiasi gani. Mchoro unaotokea ni wingu la nukta. Jicho lililozoea huona mara moja kama wingu limeinuka kwenye ukingo wa kuanza kunakili na kushuka, au limetanda juu ya eneo lote la kunakili. Uzuri wake ni kwamba hapana seli iliyolazimishwa kusimama.

Kwa kupanga ushahidi wa aina hizi, Caldon na wenzake walionyesha kwamba katika seli za saratani saiklini E2 inatawala wakati DNA inanakiliwa, tofauti na ilivyo katika seli za kawaida, na kwamba Fbw7, ambayo humpunguza ndugu yake wakati huo, haifaulu kumpeleka E2 kwenye proteasomu kama inavyotakiwa. Neno la kuzingatia ni "kufaulu". Mwaka 2009 watafiti wengine walikuwa wameripoti kwamba Fbw7 inaweza kuitia saiklini E2 alama. Karatasi hizi mbili hazilazimiki kupingana. Kiunganishi kinaweza kuwa na uwezo wa kushika protini fulani, na bado ndani ya seli halisi, penye lengo jingine linaloshikwa vizuri zaidi na penye fosfeti zisizotosha, kisiifanye kazi hiyo kwa kiwango cha kuonekana. Ndiyo maana kupima protini ambayo seli imejitengenezea, kwa kiasi chake cha asili, kuna thamani kubwa kuliko kuijaza seli protini ya kutoka nje na kuangalia nini kinatokea. Ukiijaza, viunganishi huzidiwa, na nusu uhai unaoupata ni wa hali uliyoitengeneza wewe.

Mwaka huohuo wa 2013 kundi hilo lilitoa karatasi ya pili ambayo, kwangu, ndiyo inayoonyesha kwa nini tofauti hiyo si ya kupuuza. Waliziongeza saiklini hizi, kila moja kwa zamu, ndani ya seli za saratani ya titi. E1 ilipoongezwa, kiunganishi kingine kikubwa, APC, kilizuiwa. APC ndicho kinachoitia alama saiklini B wakati wa kugawanyika, pamoja na protini inayolinda kifungo kati ya kromosomu pacha. Kikizuiwa, seli hukwama kromosomu zikiwa zimejipanga katikati, zinasubiri ruhusa isiyofika. Kwa maneno mengine, saiklini iliyozidi katika hatua moja ya mzunguko ilikwenda kuzuia kuondolewa kwa saiklini nyingine katika hatua ya mbele. E2 ilipoongezwa, jambo hilo halikutokea. Muda wa kugawanyika ulibaki wa kawaida. Hata hivyo seli zote, za E1 na za E2, ziliishia na madhara yanayofanana: migawanyiko isiyo ya kawaida, viini vidogo vya pembeni vilivyobeba kromosomu zilizopotea njia, na kromosomu zenye kasoro.

Njia mbili zimefika kwenye uharibifu mmoja, na mtu anayetazama uharibifu peke yake hataweza kusema seli ilipita ipi. Kwa mgonjwa jambo hili lina uzito. Saratani nyingi za matiti hutibiwa kwa kuinyima seli msukumo wa estrojeni, kwa tamoksifeni na dawa za namna hiyo. Mwaka 2012 Caldon na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba seli zenye saiklini E2 nyingi huweza kuhimili matibabu hayo, kwa kuwa zimepata msukumo mwingine, lakini bado zinaitikia dawa ya kuzuia CDK2. Saiklini iliyozidi ilikuwa imeipa seli njia ya kuikwepa dawa moja, na CDK2, ambayo saiklini hiyo inaitegemea, ilibaki mahali ambapo dawa nyingine inaweza kuifikia.

Kikwazo kinachobaki ni cha kipimo. Kila nilichokieleza kuhusu nusu uhai kinahitaji seli hai, sahani kadhaa na saa ya kuhesabu dakika. Daktari wa patholojia ana kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwa fomalini, kimewekwa kwenye nta na kukatwa mkato mwembamba juu ya kioo. Akikitia kingamwili ya saiklini E2 ataona viini vilivyogeuka kahawia, na kahawia hiyo haisemi kama protini imetengenezwa kwa wingi au imekosa wa kuiondoa. Anachoweza kufanya ni kuuzunguka ukweli: kupaka E1 na E2 kwenye mikato miwili ya jirani kwa kingamwili zisizochanganya ndugu hao, kulinganisha na alama ya seli zinazonakili DNA, kupima wingi wa jeni zake, na kusoma jeni ya Fbw7 akitafuta hasa kama ajinini ya namba 465 au 479, zile za kwenye kijishimo cha kushikia fosfeti, zimebadilika. Jeni za saiklini zikiwa za kawaida na ajinini hiyo ikiwa imekwenda, ana sababu nzuri ya kushuku kwamba saiklini E1 anayoiona imekosa wa kuiondoa. Kwa E2 hata ushahidi huo haumtoshi, kwa sababu katika seli zilizochunguzwa Darlinghurst tatizo halikuhitaji Fbw7 iliyoharibika. Fbw7 nzima, yenye kijishimo chake kamili, iliipita tu.